Asilimia 86 iliyogeuka 58: uchambuzi wa potifolio moja ya mtafuta kazi

Mwombaji wa kisa hiki ni msaidizi wa stoo mwenye miaka minne kazini. Anaomba nafasi ya kuratibu oda na usafirishaji mahali pengine, na pamoja na wasifu ametuma potifolio ya slaidi 23. Tarakimu za humu ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ionekane, ila kasoro zenyewe hukutwa kwenye potifolio nyingi za aina hii.

Slaidi ya saba ndiyo iliyobeba kila kitu. Juu imeandikwa "Nilipunguza makosa ya oda kwa 86%". Kushoto kuna picha ya rafu yenye vurugu, kulia picha ya rafu iliyonyooka, na chini nguzo mbili, moja ndefu nyekundu na moja fupi ya kijani. Mtu asiyejua kazi ya stoo ataipenda. Aliyewahi kusimamia stoo atauliza maswali matatu kabla hajafungua slaidi ya nane: kosa ni nini, 86 imetoka wapi, na je, picha hizi mbili ni za rafu ile ile?

Slaidi haikujibu hata moja. Hata hivyo kazi ilikuwa ya kweli na matokeo yalikuwapo. Kilichoharibika ni namna ya kupima "kabla" na "baada", na hapo ndipo potifolio nyingi zinapoangukia, hata zile zenye rangi nzuri.

86 ilitoka wapi

Mwombaji alikuwa na daftari la malalamiko. Kila oda iliyorudishwa au kulalamikiwa kwa sababu ya bidhaa isiyo yenyewe, idadi isiyo sahihi au kitu kilichosahaulika iliandikwa humo. Ni chanzo kizuri, maana liliandikwa kwa ajili ya kazi ya kila siku na si kwa ajili ya potifolio. Tatizo ni kwamba alichukua wiki mbaya kuliko zote kabla ya mabadiliko, iliyokuwa na makosa 22, akailinganisha na wiki ya mwisho baada ya mabadiliko, iliyokuwa na makosa 3. Kutoka 22 hadi 3 ni punguzo la asilimia 86. Hesabu haina kosa, ulinganisho ndio wenye kosa.

Kwanza, ile wiki ya makosa 22 ilikuwa wiki ya kuhesabu mali, na vibarua wawili wageni walisaidia kukusanya oda. Haikuwa wiki ya kawaida. Ukianzia kwenye kilele, utaona mteremko hata kama hukufanya lolote, kwa sababu wiki inayofuata kilele huwa ya chini yenyewe tu.

Pili, na hili halionekani kirahisi, malalamiko huchelewa. Mteja anapokea mzigo leo, anafungua boksi baada ya siku kadhaa, anapiga simu wiki inayofuata. Kwenye daftari hili malalamiko mengi yaliingia ndani ya siku 14 tangu mzigo utoke. Mwombaji alihesabu wiki ya mwisho Jumatatu iliyofuata, wakati nusu ya malalamiko bado yako njiani. Alipohesabu tena wiki tatu baadaye, 3 ikawa 7, na wiki iliyotangulia ikatoka 5 hadi 7. Kipimo chochote kinachotegemea mtu wa nje kutoa taarifa, kama vile marejesho, malalamiko, madai ya dhamana au wateja walioacha huduma, kina ucheleweshaji wa namna hii. Namna ya kuugundua ni kuhesabu kipindi kile kile mara mbili, kwa tarehe mbili tofauti. Tarakimu ikisogea, ujue ulihesabu mapema.

Tatu, hakugawa kwa idadi ya oda. Makosa 7 katika oda 200 si sawa na makosa 7 katika oda 400.

Baada ya kurekebisha hayo, hesabu ilikaa hivi. Wiki 10 kabla: oda 3,120, makosa 140. Wiki 10 baada: oda 3,410, makosa 65. Kwa kila oda 1,000, makosa yalishuka kutoka 45 hadi 19, ambalo ni punguzo la asilimia 58. Wiki ya kuhesabu mali haikufutwa, kwa sababu ukianza kufuta wiki zinazokukera, msomaji ana haki ya kuuliza umefuta ngapi nyingine. Badala yake ilijaribiwa kando: ukiitoa, kiwango cha kabla kinakuwa 42 badala ya 45. Matokeo hayategemei wiki hiyo, na hilo ni jibu zuri la kuwa nalo mfukoni siku ya usaili.

Kuna anayeona kutoka 86 hadi 58 ni hasara. Lakini 86 ingevunjika kwa swali moja, na ikivunjika inazivunja slaidi nyingine zote pamoja nayo. Hiyo 58 inaweza kuulizwa kwa nusu saa ikabaki imesimama.

Neno kuhusu asilimia, maana hapa watu huteleza sana. Kiwango kilishuka kutoka asilimia 4.5 hadi asilimia 1.9. Hilo ni punguzo la asilimia 58 ukilinganisha na pale kilipoanzia, na papo hapo ni punguzo la pointi 2.6 za asilimia. Zote mbili ni kweli. Ukiandika "nimepunguza kwa 58%" bila kutaja pa kuanzia, msomaji hajui kama ulitoka 45 hadi 19 au ulitoka 12 hadi 5. Kwa hiyo kichwa kipya cha slaidi kiliacha asilimia kabisa: "Makosa ya oda yameshuka kutoka 45 hadi 19 kwa kila oda 1,000". Mwanzo upo, mwisho upo, kipimo kipo, na hakuna anayehitaji kikokotoo.

Nani alifanya nini

Mabadiliko yalikuwa matatu. Rafu ziliwekewa lebo za mahali, yaani safu, rafu na ngazi. Bidhaa zinazofanana sura, jozi 11 za boksi za rangi moja zenye saizi tofauti, zilitenganishwa zisikae bega kwa bega. Na kabla boksi halijafungwa kwa gundi, mtu wa pili alihakiki yaliyomo. Yote matatu yalianza wiki moja.

Slaidi ya zamani ilisema "nilipunguza". Ukweli ni kwamba lebo na kutenganisha bidhaa lilikuwa wazo na kazi ya mwombaji, huku uhakiki wa mtu wa pili ukiwa agizo la msimamizi wake. Je, sifa zigawanywe vipi? Kwa kuwa yalianza pamoja, jumla ya makosa haiwezi kusema lipi lilileta nini. Ila daftari lilikuwa na safu ya aina ya kosa, na humo ndimo jibu lilimokuwa limejificha.

Kabla, makosa 82 kati ya 140 yalikuwa ya bidhaa isiyo yenyewe, 41 yalikuwa ya idadi, na 17 ya mambo mengine. Baada, bidhaa isiyo yenyewe ilibaki 21, idadi 32, mengine 12. Ukigawa kwa oda: bidhaa isiyo yenyewe ilishuka kutoka 26 hadi 6 kwa kila oda 1,000, na idadi kutoka 13 hadi 9 tu. Lebo na kutenganisha bidhaa hulenga hasa kosa la kuchukua boksi la jirani, na hilo ndilo lililoporomoka. Uhakiki wa mtu wa pili ungetarajiwa kukamata makosa ya idadi pia, na huko kushuka ni kidogo. Huu si uthibitisho wa mwisho, kwa sababu mhakiki naye huweza kukamata boksi lisilo lenyewe. Lakini ni ushahidi unaoelekea kwenye kazi ya mwombaji, na unamwonyesha kama mtu anayejua kwa nini jambo limefanikiwa.

Slaidi mpya ikaandika hivi chini ya chati: "Nilibuni na kusimamia lebo na upangaji mpya. Uhakiki wa mtu wa pili uliagizwa na msimamizi. Wafanyakazi 6, hawakuongezeka." Mstari huo wa mwisho una kazi yake. Makosa yanaweza kushuka kwa sababu watu wameongezwa, au kwa sababu kazi imepunguzwa kasi. Hapa watu ni wale wale na oda zimeongezeka kidogo, hivyo mashaka hayo yanakatwa kabla hayajasemwa.

Picha

Picha ya "kabla" ilipigwa simu ikiwa wima, taa zimezimwa, boksi moja limepinduka sakafuni. Ya "baada" ilipigwa kwa upana, mchana, sakafu imefagiwa. Mtazamaji anaona ufagio. Lebo hazisomeki, zile jozi 11 hazionekani, na pembe ni tofauti kiasi kwamba hakuna uhakika kama ni rafu moja.

Picha za kabla na baada zina thamani pale tu zinapoonyesha chanzo cha tatizo. Chanzo hapa ni boksi mbili zinazofanana zimekaa pamoja. Picha inayofaa basi ni ya karibu, upana wa mita moja na nusu ya rafu, boksi mbili pacha zikiwa katikati. Ya baada ionyeshe ngazi ile ile ya rafu ile ile, kwa urefu ule ule wa kamera, lebo ikisomeka na pacha mmoja akiwa hayupo.

Lakini ya kabla utaipiga vipi wakati rafu imeshapangwa? Hapa ndipo watu hushawishika kuvuruga rafu ili wapige picha ya "kabla". Usifanye. Mwenzako wa kazi akiulizwa siku ya kuthibitisha taarifa zako, utaaibika. Kwanza pekua. Kwenye kisa hiki picha ilipatikana ndani ya kundi la ujumbe la kazini: miezi kadhaa nyuma mtu alikuwa amepiga picha ya mguu wa rafu uliopinda ili aripoti, na nyuma ya ule mguu, juu kidogo, boksi mbili pacha zimekaa zimegusana. Ilitosha kukata kipande hicho. Picha ya baada ikapigwa upya kwa kufuata pembe ya ile ya zamani. Mpangilio huo ni muhimu: ya zamani haibadiliki, kwa hiyo mpya ndiyo inayomfuata mwenzake.

Kama hakuna picha kabisa, chora. Mchoro wa mistari wa rafu, boksi zikiwa mistatili yenye herufi A na B, unaeleza tatizo la pacha vizuri pengine kuliko picha. Andika chini yake "mchoro, si picha" na maisha yaendelee.

Mshale mmoja au duara moja kwa kila picha, basi. Maelezo chini ya picha yataje kitu kinachotazamwa: "Saizi mbili za boksi moja zimegusana, bila lebo ya mahali". Neno "Kabla" peke yake halimwambii mtu aangalie wapi.

Chati

Nguzo mbili zilificha habari na pia zilidanganya kidogo: mhimili wa wima ulianzia 2 badala ya sifuri, jambo lililofanya nguzo ya kijani ionekane kama kisiki. Kwenye chati ya nguzo urefu ndio ujumbe, kwa hiyo lazima ianzie sifuri. Chati ya mstari ina uhuru zaidi, ila hapa nayo ilianzishwa sifuri kwa sababu hakukuwa na haja ya vinginevyo.

Chati mpya ni ya mstari, nukta 20, wiki kwa wiki, makosa kwa kila oda 1,000. Mstari wa wima uliokatika-katika umewekwa kati ya wiki ya 10 na ya 11, umeandikwa "lebo na upangaji mpya". Upande wa kabla ni wa kijivu, wa baada ni wa bluu iliyokolea. Nyekundu na kijani ziliondolewa, maana wapo watu wasiozitofautisha rangi hizo mbili, na ukichapa kwa wino mweusi zote hugeuka kijivu kinachofanana. Jaribio ni rahisi: chapa slaidi bila rangi. Kama bado unajua lipi ni kabla na lipi ni baada, umefaulu.

Nukta 20 zinaonyesha kitu ambacho nguzo mbili haziwezi. Wiki nzuri kuliko zote ya kabla ilikuwa na makosa 26 kwa kila oda 1,000, na wiki mbaya kuliko zote ya baada ilikuwa na 29. Vipindi vinapishana kidogo. Mwombaji alitaka kulificha hilo, ila chati yenye mgongano mdogo inaaminika zaidi, kwa sababu stoo halisi ina wiki mbaya. Kilichohama ni usawa wa kawaida, na jicho linaliona hilo mara moja.

Siri za mwajiri

Slaidi ya zamani ilionyesha idadi ya oda kwa mwezi na majina ya wateja wawili. Mwajiri mpya mwenye akili hafurahii hilo hata kidogo, kwani anaona jinsi naye atakavyotangazwa kesho. Mwombaji alimwomba msimamizi wake ruhusa, akaruhusiwa kuonyesha viwango lakini si wingi wa oda.

Sasa kuna mtego. Ukificha idadi ya oda lakini ukaacha "makosa 140" na "4.5%" kwenye slaidi moja, mtu anagawa 140 kwa 0.045 na anapata oda kama 3,111. Umeificha mlangoni ukaiacha dirishani. Ndiyo maana kila kitu, hata aina za makosa, kiligeuzwa kuwa "kwa kila oda 1,000": bidhaa isiyo yenyewe 26 hadi 6, idadi 13 hadi 9, mengine 5 hadi 4. Ukijumlisha safu ya kabla unapata 44 wakati kichwa kinasema 45. Ni kwa sababu ya kukadiria, na hilo liliandikwa kwa herufi ndogo chini, vinginevyo kuna mtu ataliona na kudhani umekosea hesabu. Kuhusu ukubwa wa kipimo, "oda elfu kadhaa kila kipindi" inatosha kumwonyesha msomaji kwamba hazikuwa oda 30.

Mtego mwingine umo ndani ya faili. Ile picha ya mguu wa rafu ilikuwa na sura ya mfanyakazi mwenzake upande wa kulia na karatasi ya mzigo yenye jina la mteja. Ilikatwa ndani ya PowerPoint, na kwenye slaidi haionekani. Lakini PowerPoint haitupi sehemu iliyokatwa, huihifadhi, na yeyote mwenye faili la `.pptx` anaweza kuirudisha. Kufunika kwa mstatili mweusi ni dhaifu vile vile, maana mstatili husogezwa. Dawa ni kukata na kufuta nje, kwenye programu ya picha, kisha kuingiza picha ambayo imeshakatwa. Kwa zile zilizokwisha kuingizwa: bofya picha, nenda `Picture Format`, kisha `Compress Pictures`, toa alama kwenye `Apply only to this picture`, weka alama kwenye `Delete cropped areas of pictures`, na uchague `Web (150 ppi)`.

Chati nayo ina lake. Ukinakili chati kutoka Excel na kuibandika kwa njia ya `Embed Workbook`, kitabu kizima cha hesabu huingia ndani ya slaidi, pamoja na kurasa ambazo hukuzigusa. Kwenye kisa hiki ukurasa wa tatu ulikuwa na majina ya wateja wote. Ibandike kama picha, au andika upya zile namba 20 tu kwenye chati mpya ya PowerPoint. Na unachotuma kiwe PDF siku zote, kupitia `File`, `Export`, `Create PDF/XPS Document`. Kisha ifungue PDF na ujaribu kuchagua maandishi kwa kipanya kila mahali ulipofunika kitu. Kama maandishi yanachagulika chini ya weusi, hayajafichwa.

Ukubwa

Faili la kwanza lilikuwa la megabaiti 38 kwa sababu ya picha 14 za simu zilizoingizwa zilivyo. Picha ya simu ina upana wa pikseli 4,000 hivi, ilhali nusu ya slaidi kwa pikseli 150 kwa inchi inahitaji takriban 1,000. Baada ya kubana, PDF ilishuka chini ya megabaiti 3, na hapo barua pepe haigomi.

Ukubwa wa herufi unahitaji hesabu yake. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87. Anayechuja maombi mara nyingi anafungulia kwenye simu, ambayo ikiwa wima ina upana wa sentimita 7 hivi. Slaidi inasinyaa hadi sehemu moja ya tano, na herufi za saizi 12 zinakuwa kama za saizi 2.5. Hazisomeki kabisa. Akilaza simu anapata kama sentimita 15, na saizi 18 inakuwa sawa na 8, inayosomeka. Kwa hiyo kichwa kiliwekwa saizi 36, maelezo 24, na lebo za chati zisipungue 18. Sharti hilo lilipunguza maneno lenyewe, bila mtu kuambiwa apunguze.

Ile miradi mingine

Slaidi 23 zilikuwa na miradi saba. Ilibaki mitatu. Minne iliyotoka ilikuwa na picha nzuri bila kipimo, au kipimo bila "kabla".

Mradi wa pili, ripoti ya mwezi ya mali iliyopo, ulikaribia kutupwa kwa sababu mwombaji alisema "nadhani ilichukua siku tatu". Kumbukumbu ya mtu si kipimo. Ila ripoti ilitumwa kwa barua pepe, na barua pepe ina tarehe. Kwa miezi sita ya kabla ilitoka kati ya tarehe 6 na 8, na kwa miezi sita baada ya fomu mpya ikatoka tarehe 2 au 3. Kichwa kikawa "Ripoti ya mwezi inatoka tarehe 2–3, awali 6–8". Hakuna tena madai ya saa ngapi zilitumika, kwani hilo halikupimwa. Kuna hazina kubwa ya "kabla" zilizosahaulika kwenye tarehe za mafaili, jumbe na risiti.

Mafunzo kwa wafanyakazi wapya hayakuwa na namba yoyote. Badala ya kubuni, ulionyeshwa ukurasa mmoja wa mwongozo wenyewe, uliopigwa picha ukiwa umebandikwa ukutani na pembe zake zimechakaa kwa kushikwa. Haukuitwa kabla na baada. Uliitwa mwongozo.

Mpangilio wa mwisho ni slaidi 8. Ya kwanza ina jina, kazi inayoombwa na mistari mitatu ya matokeo, kwa sababu wapo watakaoishia hapo. Mradi wa makosa ya oda una slaidi tatu: picha mbili, chati ya wiki, na aina za makosa pamoja na nani alifanya nini. Ripoti ina mbili, mwongozo una moja. Ya mwisho ni mawasiliano. Slaidi ya tisa haikutumwa. Ina tafsiri ya neno "kosa", namna ya kuhesabu, ile hesabu ya 42 badala ya 45, na maelezo ya siku 14 za malalamiko. Inakaa kwenye kompyuta ya mwombaji, na inafunguliwa pale tu mtu atakapouliza, "Hizi namba ulizipataje?"

Kabla ya kutumwa, PDF ilijaribiwa kwa mtu asiyejua stoo. Alipewa slaidi ya chati kwa sekunde 20, ikafungwa, akaulizwa nini kilibadilika na kwa kiasi gani. Mara ya kwanza alisema, "Makosa yalishuka hadi 29," kwa sababu lebo ya kilele cha wiki mbaya ya baada ilikuwa imeandikwa kwa herufi nene. Lebo ikaondolewa, zikabaki mbili tu kwenye chati nzima, 45 na 19, kila moja pembeni ya upande wake. Mtu wa pili alizitaja zote mbili.